Mtoto anakesha usiku? Huenda usingizi ameumaliza mchana

Mwandiga. Saa 7:30 usiku, wakati mtaa mzima umelala, binti wa miezi minane anaamka, anajigeuza, anakaa na kuanza kupiga makofi. Halii, hana homa, na titi alilopewa amelinyonya kidogo kisha akaliachia ili acheke na mama yake. Mama hacheki, maana saa 12 asubuhi anatakiwa awe ameamka, na saa 2 awe sokoni na ndoo yake ya mawese.

"Mdogo wangu, mimi nilikuwa nalala vipande vipande kama mgonjwa," ananiambia mama huyo mwenye miaka 31 na watoto wawili, ambaye ameomba jina lake lisiandikwe. "Siku moja nilisinzia nimesimama, nampimia mteja mafuta. Yakamwagika nusu lita."

Kabla ya kufika kliniki alikuwa amepewa kila aina ya ushauri. Mama mkwe alimwambia maziwa yake ni mepesi, hivyo ampe mtoto uji mzito kabla ya kulala. Jirani alisema ni chango. Mwingine akamwelekeza duka la dawa akanunue piritoni ya maji, "kijiko kimoja tu, analala hadi asubuhi." Dawa aliinunua. Anasema alimpa mara moja, mtoto akalala usingizi uliomtisha, naye akaiweka chupa juu ya kabati na hakuirudia.

Hakuna aliyemuuliza swali ambalo muuguzi wa kliniki ya mama na mtoto alimuuliza baadaye: mchana huyu mtoto analala saa ngapi?

Nyumba yenye usiku saa sita mchana

Ili kulielewa swali hilo, ni lazima kuijua nyumba yenyewe. Baba wa mtoto ni mvuvi wa dagaa. Jioni anateremka hadi mwalo wa Kibirizi, usiku anavua ziwani kwa taa, na asubuhi anarudi Mwandiga akiwa hoi. Ili apumzike, chumba hufungwa madirisha, pazia hushushwa, redio huzimwa na watoto wa jirani hufukuzwa uani. Saa sita mchana ndani ya chumba hicho ni giza na kimya.

Mama akirudi kutoka sokoni humlaza mtoto humo humo, kando ya baba yake, apate kufua na kupika. Mtoto mdogo hana namna ya kujua kwamba giza lile ni la baba, kwa hiyo naye hulala kama usiku.

Muuguzi alimpa mama kazi moja tu. Kwa siku tano aandike, nyuma ya daftari la mauzo, saa mtoto anapolala na saa anapoamka, usiku na mchana. Hata usingizi wa mgongoni uandikwe. Akina mama wengi hawauhesabu huo, kwa sababu mtoto akiwa ndani ya mbeleko mama anaendelea na shughuli zake, hivyo huona kama hajalala.

Nimeliona daftari hilo. Siku zinafanana sana, na mojawapo ilikuwa hivi. Saa 2:30 asubuhi mtoto alilala mgongoni kwa mama sokoni, akaamka saa 4:30. Saa 6:30 mchana akalazwa chumbani kwa baba, akaamka saa 9:30. Saa 11:30 jioni, mama akiwa jikoni, akalala mgongoni kwa dada yake hadi saa 12:30. Jumla ya mchana ni saa sita.

Usiku ule hakusinzia hadi saa 4. Akaamka saa 5:30, akanyonya na kuhangaika nusu saa. Akalala tena saa 6 hadi saa 7:30, ndipo yakaja yale makofi ya saa nzima. Akalala saa 8:30, akaamka saa 10 kunyonya kwa robo saa, kisha akalala moja kwa moja hadi saa 12:15 asubuhi. Usiku wote alilala saa sita na nusu, kwa vipande vinne ambavyo hakuna kilichozidi saa mbili.

Ukijumlisha mchana na usiku unapata saa 12 na nusu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa mwaka 2019 unasema mtoto wa miezi 4 hadi 11 anahitaji kulala saa 12 hadi 16 kwa siku nzima, usingizi wa mchana ukiwemo. Kwa hiyo binti huyu usingizi wake ulikuwa unatosha. Aliyekuwa hapati usingizi ni mama yake.

Siri ya mbalamwezi

Kulikuwa na jambo jingine ambalo familia ililijua lakini ililielewa vibaya. Mama anasema kila mwezi ukiwa mkubwa, mtoto alilala vizuri. "Mama mkwe akasema huyu mtoto ana nyota yake na mwezi. Nami nikaamini, maana ni kweli, mbalamwezi ikiwaka analala."

Wakazi wa mwambao wa Tanganyika watakuwa wameshaotea jibu. Dagaa hufuata mwanga wa taa pale usiku unapokuwa na giza. Mwezi ukiwa mpevu taa haziwavuti vizuri, na wavuvi wengi hupumzika siku hizo. Baba akipumzika analala usiku kama watu wengine, na mchana chumba kinabaki wazi, madirisha yanapitisha jua, redio inaimba na watoto wanaingia na kutoka. Mtoto akilazwa saa 8 mchana anaamka saa 9:30 kwa sababu ya kelele. Jioni baba yuko nyumbani anacheza naye, hivyo ule usingizi wa saa 11:30 haupo.

Mama alipoandika siku moja ya namna hiyo, mtoto alikuwa amelala saa tatu na nusu mchana. Usiku alisinzia saa 2, akaamka mara mbili kunyonya, robo saa kila mara, kisha akaamka saa 12 asubuhi. Usiku alikuwa amepata saa tisa na nusu, na jumla ya siku nzima saa 13. Ukiilinganisha na ile ya siku za giza, tofauti ni nusu saa tu. Usingizi ulikuwa karibu uleule, ila ulikuwa umehamia usiku.

Muuguzi aliyemhudumia, ambaye naye hakutaka kutajwa kwa kuwa si msemaji wa kituo chake, anaeleza kwa mfano wa chakula. "Mtoto akila mihogo saa 11 jioni hawezi kumaliza ugali wa saa 2. Humlaumu, tumbo limejaa. Usingizi nao ni hivyo. Akishiba mchana, usiku atauonja tu na kuuacha."

Njaa hiyo ya usingizi ina maelezo yake. Kadiri mtu anavyokaa macho, ndani ya ubongo hujikusanya kemikali iitwayo adenosini, na ikizidi ndipo kope zinakuwa nzito. Akilala, inapungua. Mtoto aliyelala hadi saa 12:30 jioni anaingia usiku akiwa ameshaipunguza. Atasinzia, lakini usingizi wake utakuwa mwepesi. Watoto wote wachanga huamka kidogo kila wanapomaliza mzunguko mmoja wa usingizi, ambao kwao ni mfupi kuliko wa watu wazima. Mwenye njaa ya usingizi hurudi kulala bila mtu kujua, ila aliyeshiba hufungua macho na kutafuta wa kucheza naye.

Kuna pia saa ya mwili, inayojipanga kwa mwanga na giza. Mtoto huzaliwa ikiwa bado changa, nayo huanza kutengemaa kati ya mwezi wa pili na wa nne. Mtoto anayepata giza la saa tatu mchana na mwanga wa taa hadi saa 4 usiku anaipa saa hiyo habari mbili zinazopingana.

Mwaka 2016 watafiti wa Japani walichapisha utafiti wao wa watoto 50 wenye umri wa mwaka mmoja na nusu hivi, waliovalishwa kifaa cha kupima mjongeo kwa siku saba. Waliolala zaidi mchana walilala kidogo usiku, na waliochelewa kuamka kwenye usingizi wa mchana walichelewa kusinzia usiku. Watoto hao ni wakubwa kuliko wetu wa miezi minane, na kwa wadogo zaidi mambo hutofautiana kutoka mtoto hadi mtoto. Ndiyo maana daftari la nyumbani lina maana kuliko wastani wa watoto wa mbali.

Namna walivyohamisha usingizi

Baba hakuweza kuacha kulala mchana, kwani ndiyo kazi inayoilisha nyumba. Kilichobadilika ni mahali na muda wa mtoto kulala.

Walianza na asubuhi. Hata usiku ukiwa mbaya kiasi gani, saa 12:30 mtoto aliamshwa, akatolewa nje apate mwanga. Kumwacha alale hadi saa 2 kwa kumhurumia kungesogeza siku nzima mbele, na usiku unaofuata nao ungechelewa.

Kisha wakauondoa usingizi wa jioni, ambao muuguzi anasema ndio unaoharibu zaidi kwa sababu uko karibu mno na usiku. Dada mtu aliambiwa asimbebe mgongoni saa hiyo, akae naye mkekani na sufuria na vijiko. Siku mtoto aliposhindwa kabisa kuvumilia, aliruhusiwa dakika 15 hadi 20, mradi aamshwe kabla ya saa 11.

Usingizi wa asubuhi wa mgongoni ulisogezwa uanze saa 3, na mama alimwamsha saa 4:30 badala ya kumwacha afike mwisho. Wa mchana ulihamishiwa chumba cha mbele, chini ya chandarua, dirisha likiwa wazi na sauti za kawaida za nyumba zikiendelea. Huo haukukatwa kwa siku moja. Kila baada ya siku tatu mama alichelewesha kumlaza kwa nusu saa, kutoka saa 6:30 hadi saa 7, kisha 7:30, kisha saa 8, huku akimwamsha saa 9:30 ileile. Hivyo saa tatu za mchana zikawa saa moja na nusu polepole.

Na muda wa kulala usiku ukarudishwa nyuma hadi saa 1:30, mara baada ya kuoga na kunyonya, kwenye chumba ambacho sasa ndicho chenye giza. Mtoto aliyepunguziwa usingizi wa mchana asipolazwa mapema kidogo, mpango wote unaweza kuharibika.

Hapo ndipo familia ilipokosea siku ya tatu. Mama, kwa haraka ya kupata matokeo, aliufuta usingizi wa jioni na kukata wa mchana uwe saa moja, lakini akaendelea kumlaza saa 3 usiku kama zamani. Mtoto alilia kuanzia saa 12 jioni, akakataa titi, akajipinda mgongo, na alipolala akaamka kila baada ya dakika 40. "Nikasema hawa wa kliniki wamenidanganya," anakumbuka.

Alikuwa amevuka mpaka wa upande wa pili. Mtoto aliyechoka kupita kiasi mwili wake humwaga homoni za kumfanya aendelee kuwa macho, na usingizi wake huwa wa kushtuka. Kuna namna ya kuwatofautisha. Aliyelala mno mchana huchelewa kusinzia bila kulia sana, na akiamka usiku anataka kucheza. Aliyechoka kupita kiasi hulia jioni, husugua macho na kuvuta masikio, na akiamka usiku huwa na hasira. Wa kwanza anapunguziwa mchana. Wa pili anarudishiwa nusu saa na kulazwa mapema.

Siku nne za mwanzo hakukuwa na nafuu. Kufikia siku ya kumi, makofi ya saa 7:30 yalikuwa yamekwisha. Wiki ya tatu, daftari lilionyesha mchana saa tatu, na usiku saa kumi kuanzia saa 1:30 hadi saa 12 asubuhi, akiamka mara mbili kunyonya na kurudi kulala ndani ya robo saa. Jumla ilikuwa saa 13. Giza lilikuwa limerudi ziwani na baba alikuwa kazini kama kawaida.

Kwa nini anyonye bado usiku

Kuna msomaji atakayeuliza mbona bado anaamka mara mbili. Muuguzi anasema hilo ni jambo la kawaida kwa mtoto anayenyonya, na mpango huu haukulenga kuliondoa. Kilicholengwa ni zile saa za kucheza na kuhangaika. Mtoto anyonye usiku anapotaka. Uji mzito wa usiku haumpi usingizi, na kwa aliye chini ya miezi sita hata uji wenyewe hautakiwi, kwani anatakiwa anyonye maziwa ya mama pekee.

Kuhusu ile chupa ya juu ya kabati, muuguzi hakuzunguka. Piritoni si dawa ya kulaza watoto. Inaweza kumlevya mtoto mdogo na kudhoofisha upumuaji wake, na kijiko cha nyumbani hakipimi dozi.

Mpango huu haumhusu mtoto aliye chini ya miezi minne. Huyo anahitaji kulala sana mchana na usiku, na WHO inataja saa 14 hadi 17 kwa wa miezi 0 hadi 3. Kumkatisha usingizi ili alale usiku ni kumwonea, maana saa yake ya mwili haijatengemaa. Kwake inatosha kumpa mwanga na sauti mchana, giza na utulivu usiku. Vilevile, mtoto ambaye daftari lake linaonyesha jumla chini ya saa 12 hana ziada ya kukatwa, na sababu ya kuamka kwake itafutwe kwingine.

Pia kuna usingizi wa mchana ambao si shibe bali ni ugonjwa. Mtoto aliyeshiba usingizi akiwa macho huwa mchangamfu, hunyonya kwa nguvu na uzito wake hupanda kwenye kadi ya kliniki. Mtoto anayelala mno kwa sababu anaumwa huwa mlegevu, ni vigumu kumwamsha, hanyonyi vizuri, viganja vyake vinaweza kuwa vyeupe, au anapumua harakaharaka. Kigoma ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi nchini, na malaria huwamaliza damu watoto wadogo. Ukiona dalili hizo, au homa, usianze kuandika daftari. Mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo akapimwe. Anayekoroma kila usiku au anayehema kwa mdomo naye aonekane na daktari.

Nilipomtembelea mama huyu mara ya mwisho ilikuwa saa 8:15 mchana. Chumba cha nyuma kilikuwa kimefungwa na baba akikoroma humo. Chumba cha mbele binti alikuwa amelala chali chini ya chandarua, jua likimfikia miguuni na kuku wakilia mlangoni. Mama alitazama simu yake, akaniambia imebaki saa moja na robo.

"Zamani ningemwacha alale hadi atakapotosheka," alisema huku akipunguza moto wa maharage. "Sasa saa 9:30 namwamsha. Analalamika dakika mbili, halafu basi. Akimalizia usiku, namalizia na mimi."